Unastaafu na mikopo haijaisha: uilipe kwa mkupuo au uache makato yaendelee kwenye pensheni?

Mwongozo huu ni wa mtumishi wa umma, mwanachama wa PSSSF, aliyebakiza mwaka mmoja au pungufu kazini na ana makato mawili matatu ambayo hayataisha kabla ya kustaafu. Nimekaa muda mrefu kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS ya watumishi hapa Mbeya, na wanaokuja mezani huuliza swali moja: mkupuo ukiingia, nifute madeni yote nibaki na pensheni safi, au niache benki iendelee kukata nibaki na fedha mkononi?

Wengi hujibu kwa kutazama riba peke yake. Riba ni muhimu, lakini haitoshi. Kuna mambo mawili ya kupima: kila milioni unayotoa leo inakuachia shilingi ngapi kila mwezi, na fedha utakayobaki nayo itakaa wapi. Hilo la pili ndilo lenye uzito, na ndilo lisiloandikwa kwenye mkataba wowote.

Anza na mafao yako, kwa karatasi na kalamu

Usisubiri mfuko ukupigie hesabu. Tangu Julai 2022 kikokotoo cha PSSSF kinatumia 1/580 kwa kila mwezi uliochangia, ukizidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Kwa bajeti ya mwaka 2024, waliokuwa na haki ya mkupuo wa asilimia 50 katika mifuko ya zamani (PSPF na LAPF) walipandishwa kutoka asilimia 33 hadi 40. Waliokuwa kwenye mifuko ya asilimia 25, kama PPF, walifika 35. Kwa kundi la asilimia 40 hesabu ni hii:

```
Pensheni ya mwaka = miezi ÷ 580 × mshahara wa mwaka
Mkupuo            = pensheni ya mwaka × 40% × 12.5
Pensheni ya mwezi = pensheni ya mwaka × 60% ÷ 12
```

Tuchukue mwalimu wa sekondari wa mfano, anaishi Uyole, ana miaka 57 na ameamua kustaafu kwa hiari. Sheria inaruhusu hiari kuanzia 55, na 60 ni lazima. Ametumikia miezi 396, yaani miaka 33. Mshahara wake sasa ni 1,400,000, na wastani wa miaka mitatu bora ni 1,350,000 kwa mwezi, sawa na 16,200,000 kwa mwaka. Pensheni ya mwaka inatoka 11,060,000 na ushee. Mkupuo ni takriban milioni 55.3 na pensheni ya mwezi ni kama 553,000.

Ukitazama vizuri utaona mkupuo ni pensheni ya mwezi mara 100. Kwa kundi la asilimia 40 huwa hivyo daima, maana 40% × 12.5 ni 5, na 60% ÷ 12 ni 0.05. Kwa kundi la asilimia 35 mkupuo ni pensheni ya mwezi mara 81 hivi. Mtu akikuahidi mkupuo mnono na pensheni nono visivyolingana na uwiano huo, mwambie arudie hesabu.

Chukua barua ya salio kwa kila mkopo

Miezi sita kabla ya tarehe ya kustaafu, pita kwa kila anayekudai na uombe barua, si maneno ya kaunta. Barua ionyeshe mtaji uliobaki leo, rejesho la mwezi, miezi iliyobaki, namna riba inavyohesabiwa, kama kuna adhabu ya kulipa kabla ya muda, na kama bima ya mkopo bado inaishi. Hapa ndipo watu hupigwa chenga, mara nyingine bila mtu kukusudia:

"Shikamoo, mwalimu. Salio lako naona milioni 13.9."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ni rejesho ukizidisha kwa miezi 36. Mimi nataka nitakachotoa nikimaliza leo."

"Aa, ukimaliza leo ni milioni 11."

Tofauti ya milioni 2.9 ni riba ya miezi ambayo haijafika. Mkopo wenye riba inayohesabiwa kwenye salio linalopungua haukudai riba hiyo ukilipa leo, zaidi ya adhabu iliyomo kwenye mkataba kama ipo. Lakini kuna mikopo, hasa ya taasisi ndogo, ambayo riba yote ilipigwa tangu siku ya kwanza na kuongezwa juu ya mtaji. Huo ukiulipa mapema bila punguzo hujaokoa kitu, umelipa tu riba ya mwakani kwa fedha ya leo. Jaribio lake ni jepesi: zidisha rejesho kwa miezi iliyobaki, kisha utoe kiasi cha kumaliza leo. Ukipata sifuri au karibu na sifuri, na muda uliobaki bado ni mrefu, omba punguzo la riba kwa maandishi kabla ya kutoa hata senti.

Mwalimu wetu ana madeni matatu. Benki inamdai milioni 11, riba asilimia 16 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, miezi 36, rejesho 386,700. SACCOS inamdai 1,600,000 kwa asilimia 1 ya salio kwa mwezi, miezi 10, rejesho 168,900. La tatu hakulitaja nyumbani: kausha damu wa Mwanjelwa, 1,500,000 kwa asilimia 10 kwa mwezi. Huyo humlipa 150,000 ya riba kila mwisho wa mwezi na mtaji hausogei.

Jumla ni 705,600 kwa mwezi. Pensheni ni 553,000. Kwa hiyo kuacha yote yaendelee hakuwezekani. Swali linabaki ni lipi lifutwe na lipi liachwe.

Milioni moja inakuachia nini

Gawanya rejesho kwa salio. Benki: kila milioni utakayolipa inafungua kama 35,000 kwa mwezi. SACCOS: 105,600. Kausha damu: 100,000. Ukitazama hivi, SACCOS inashinda wote. Lakini SACCOS itaisha yenyewe baada ya miezi 10 na riba iliyobaki haifiki 90,000, wakati kausha damu hataisha kamwe, na kwa mwaka anakula 1,800,000 juu ya deni la 1,500,000. Kwa hiyo wa kwanza kulipwa ni kausha damu, na asisubiri mkupuo kama kuna namna nyingine ya kupata fedha za kumlipa. Hata kuuza magunia ya mahindi kwa bei isiyopendeza ni nafuu kuliko kumwachia miezi minne zaidi.

SACCOS ina njia yake ambayo wengi huisahau. Mwanachama anayejitoa ana akiba ndani, na akiba hiyo huweza kukatwa kufidia deni. Mwalimu wetu ana akiba ya milioni 2.4 dhidi ya deni la 1.6, basi deni linafutika na anaondoka na laki nane bila kugusa mkupuo. Hisa ni jambo tofauti: kwa kawaida huhamishiwa kwa mwanachama mwingine, hazitolewi kaunta kama akiba. Halafu kuna udhamini. Ukiwa umemdhamini mwenzako ambaye hajamaliza deni, akiba yako inaweza kushikiliwa mpaka apate mdhamini mwingine, na kumtafuta huyo huchukua muda, ndiyo maana nimesema uanze miezi sita kabla. Nao waliokudhamini wewe wako hatarini vivyo hivyo. Ukiacha deni la SACCOS lilale baada ya mshahara kukatika, watakaokatwa ni walimu wenzako wa shule ileile.

Kabla ya kujitoa, soma masharti ya chama chenu. Vyama vingine humruhusu mstaafu kubaki mwanachama. Ikiwa chenu kinaruhusu, lipa deni kwa mkupuo, bakiza akiba na uanachama, kwa sababu mkopo wa asilimia 1 kwa mwezi ndiyo kinga yako dhidi ya kurudi Mwanjelwa.

Mkopo wa benki: hapa ndipo penye kazi

Sasa tumebaki na milioni 11. Baada ya kumlipa kausha damu, na SACCOS kufidiwa na akiba, mkononi kuna milioni 53.8 kati ya zile 55.3, ukiacha kando ile laki nane ya SACCOS. Matumizi ya nyumba, kwa kuandika kila kitu kwa miezi mitatu, ni 450,000 kwa mwezi.

Akilipa benki yote, anabaki na milioni 42.8 na pensheni kamili ya 553,000. Kila mwezi ana ziada ya 103,000, na baada ya miezi 36 ziada hiyo ni milioni 3.7. Jumla, milioni 46.5.

Akiacha benki ikate, pensheni inayomfikia ni 166,000. Anapungukiwa 284,000 kila mwezi na itabidi azichote kwenye mkupuo, jumla milioni 10.2 kwa miaka mitatu. Kutoka milioni 53.8 atabaki na 43.6. Tofauti na njia ya kwanza ni zile milioni 2.9 za riba.

Atakayesema "nitaiweka milioni 11 kwenye hati fungani au mfuko wa UTT, ilipe rejesho yenyewe" amewaza vizuri, ila hesabu haimsaidii. Tuseme fedha inazaa asilimia 12 kwa mwaka, na kila mwezi anatoa 386,700 kulipa benki. Fedha hiyo itakauka kabla ya rejesho la mwisho, na kufikia mwezi wa 36 atakuwa ametia kama laki tisa za ziada kutoka mfukoni. Riba unayolipa ikiwa juu ya faida unayopata, kushika fedha kuna gharama, na asilimia 16 dhidi ya 12 ndiyo gharama hiyo. Tena hati fungani hulipa mara mbili kwa mwaka, na benki inadai kila mwezi.

Kwa hiyo kwa mwalimu huyu jibu ni kulipa yote, kwa sababu deni la benki ni sehemu ya tano tu ya mkupuo. Jibu lingebadilika kama baada ya kulipa angebaki mikono mitupu. Kipimo ninachotumia: jumlisha kwanza mambo yenye tarehe ndani ya mwaka mmoja (ada ya chuo ya mtoto, kupaua nyumba, matibabu yaliyokwishapangwa), kisha ongeza matumizi ya miezi sita ya nyumba. Kama mkupuo ukishalipa benki haufikii jumla hiyo, usilipe yote.

Tuseme alikuwa na majukumu mengine, na baada ya hayo imebaki milioni 12 tu. Akiilipa benki 11 anabaki na moja, na ugonjwa mmoja unamrudisha kwa kausha damu. Hapo kuna njia ya kati: alipe milioni 6, aombe benki ipange upya milioni 5 zilizobaki kwa miezi ileile 36. Rejesho linashuka hadi kama 175,800, pensheni inayomfikia ni 377,000, na mkononi ana milioni 6. Riba ya milioni 5 kwa miaka mitatu ni kama milioni 1.3, na hiyo ndiyo bei ya kuwa na akiba ya dharura. Ukilinganisha na laki moja na nusu kwa mwezi aliyokuwa akimpa kausha damu, si bei mbaya.

Ukifanya hivyo, andika waziwazi kwenye barua kwamba unataka rejesho lipungue na muda ubaki. Usipoandika, benki inaweza kuacha rejesho la 386,700 palepale na kufupisha muda. Riba itapungua zaidi, ni kweli, lakini wewe ulikuwa unatafuta nafasi kwenye pensheni.

Kuna jambo moja linaloweza kukufanya uache mkopo uendelee hata kama una fedha, nalo ni bima. Mikopo mingi ya watumishi ina bima inayofuta deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Kama afya si nzuri, kulipa milioni 11 leo ni kutoa fedha ambayo familia ingebaki nayo. Lakini uliza bima inaishia lini: kwenye umri gani, na kama inaendelea ukishaacha ajira. Bima iliyokufa siku ya barua ya kustaafu si sababu tena.

Fedha inayobaki isigeuke tofali

Hesabu ya kuacha makato yaendelee inadhani milioni 53.8 zitakaa mahali pa kuchotwa kila mwezi. Nyanda za Juu Kusini hazikai. Ndani ya mwezi mmoja kuna shamba la paina Mufindi linauzwa, kuna ekari za parachichi Rungwe au Njombe, kuna shemeji ana mashine ya kukoboa mpunga Igurusi. Sisemi ni biashara mbaya. Lakini paina inakaa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuvunwa, parachichi ya kubebeshwa inaanza kukupa kitu cha maana kuanzia mwaka wa tatu, na rejesho la benki linakuja mwezi ujao. Nimeona wastaafu wenye shamba zuri la miti na pensheni ya laki moja na nusu, wakikopa chumvi.

Kama nia yako ni kuwekeza shambani, basi hiyo ni sababu ya kulipa mkopo kwanza, maana fedha ikishazikwa ardhini haitatoka kusaidia rejesho.

Na pensheni ipime kwa mwezi wa Januari, si wa Julai. Huku mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Julai mahindi yako ghalani na viazi vinauzika, hata 166,000 inaonekana inatosha. Januari mbolea imeshakula fedha, watoto wanarudi shule, debe la mahindi limepanda. Mpunga wa Usangu au vitunguu vya Ilula usiviandike kama kipato cha mwezi. Viandike kama fedha inayokuja mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine haiji.

Pengo kati ya mshahara wa mwisho na mafao

Mshahara ukikoma, makato ya mwajiri hukoma papo hapo. Deni halikomi. PSSSF hulipa baada ya nyaraka kukamilika, na jina lililoandikwa tofauti kwenye barua ya ajira na kitambulisho cha NIDA linatosha kukurudisha nyuma wiki kadhaa. Weka kwenye akaunti marejesho ya miezi mitatu kabla hujaondoka kazini, kwa mwalimu wetu 1,160,000 kwa benki peke yake. Na usitegemee mkupuo ukupe muda wa kutafakari ukishaingia: kama unapitia akaunti ileile ya benki inayokudai, soma kifungu kinachoruhusu benki kujikata. Mara nyingi kipo. Malimbikizo na riba ya ucheleweshaji vitakatwa kwanza, na hesabu yako ya kwenye karatasi itaharibika.

Kama unaacha mkopo uendelee kwenye pensheni, kumbuka uhakiki wa wastaafu. Usipojihakiki pensheni husimamishwa, na rejesho huhesabiwa limelala ingawa hukukusudia.

Na kabla ya kusaini ile barua ya hiari, piga hesabu ya kubaki. Mwalimu huyu akifika 60, hata mshahara usipopanda, miezi inakuwa 432: mkupuo milioni 60.3, pensheni 603,000, na mkopo wa benki umeisha kwa mshahara. Kama sababu ya kustaafu ni uchovu wa madeni tu, hiyo miaka mitatu ndiyo njia rahisi kuliko zote nilizoeleza.

Siku ya kulipa

Salio hubadilika kila siku, kwa hiyo omba barua mpya yenye tarehe utakayolipia. Lipa kwa kuhamisha kutoka akaunti, siyo taslimu. Kisha dai barua ya kumaliza deni, hati ya kiwanja au kadi ya gari uliyoweka dhamana, na salio la bima kama mkataba unarudisha sehemu ya malipo. Mwezi unaofuata hakikisha hakuna makato yanayoendelea. Baada ya miezi miwili hivi omba taarifa yako ya mikopo uone deni limeandikwa limefungwa, kwa sababu deni lililolipwa lakini bado linaonekana hai litakunyima mkopo mdogo siku utakapouhitaji. Benki ikigoma kurekebisha, peleka malalamiko kwake kwa maandishi kwanza, na usiporidhika yafikishe Benki Kuu. Ina tawi hapa Mbeya mjini.

Kwa kausha damu nenda na mtu wa kushuhudia. Lipa mbele yake, karatasi uliyosaini irudishwe au ichanwe mkiona, na kadi ya benki aliyoshikilia uichukue hapohapo. Kisha pita benki ubadilishe namba ya siri siku hiyohiyo, kabla pensheni ya kwanza haijaingia.